Watoto watatu, noti moja ya elfu tano

OFA YA IDI. WATOTO 3 KWA 5,000. MWISHO MWEZI 27.

Hayo ndiyo maneno niliyoyaandika kwenye ubavu wa boksi la friji, kwa rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki kwa fundi aliyepaka geti la jirani. Nilichagua rangi ya mafuta kwa sababu rangi ya maji inalilowesha boksi, linapinda, na herufi zinatawanyika kabla hazijakauka. Isitoshe Ramadhani ile ilikuwa imeingia kwenye masika, kwa hiyo nililitundika ndani ya baraza, mvua isilifikie. Bei niliifanya kubwa kuliko kila kitu, maana anayepita kwenye bodaboda anapata nafasi ya kusoma kitu kimoja tu. Akiona 5,000 na neno WATOTO, yatakayobaki atakuja kuyauliza.

Saluni yangu ni fremu moja yenye viti viwili, Tandika, kwenye njia ya watu wanaotoka sokoni. Kiti kimoja ni changu, cha pili ni cha dogo ninayemfundisha kazi. Anayeijua kazi hii Dar anajua Ramadhani inavyokwenda. Mchana saluni inalala. Aliyefunga hana hamu ya kufungwa shuka shingoni saa saba, joto limekaba na feni inasukuma upepo wa moto. Anakuja baada ya futari, au anasubiri kabisa mkesha wa Idi, na usiku huo mtaa mzima unataka kiti kimoja kwa wakati mmoja. Watu wananyolewa hadi usiku wa manane, wengine wanarudi na nywele zao, na umeme ukikatika saa tatu usiku hakuna wa kumlilia.

Nilichotaka ni kitu kidogo: kuwatoa watoto kwenye usiku ule na kuwaleta mchana, kati ya saa tatu asubuhi na alasiri, siku chache kabla ya sikukuu. Bei yangu ya mtoto ni 2,000, kwa hiyo watatu ni 6,000. Nimepunguza elfu moja tu. Nilitegemea akina mama wachache waje kwa utaratibu, mmoja asubuhi, mwingine adhuhuri.

Jumamosi iliyofuata nilifika kufungua nikakuta watoto wamekaa kwenye baraza hadi kwenye ngazi za duka la pembeni. Wengine walikuja na dada zao wa kuwasimamia. Mama mmoja alikuwa ameshika wavulana watano, na alinikabili kabla sijafungua kufuli. "Fundi, hawa watano na wale wanne wa mama wa chumba cha mbele. Tisa. Ni elfu kumi na tano, si ndiyo?"

Ndiyo, ilikuwa elfu kumi na tano. Nilikuwa nimefikiria familia: baba, mama na watoto wao. Lakini nyumba zetu huku ni za kupanga, vyumba sita au nane vinatazamana kwenye ukumbi mmoja, na watoto wa ua mmoja wanakula, wanacheza na kulala pamoja kama ndugu. Mwenye mtoto mmoja alimtafuta mwenye wawili. Niliwasikia wakigawana pale pale barazani: wa wawili akatoa elfu tatu na mia tano, wa mmoja akatoa elfu moja na mia tano, kila mmoja amebakiwa na mia tano yake. Boksi halikuwaita wateja mmoja mmoja, liliwafanya wanawake wa ua mzima wakae na kupanga.

Kitu cha pili nilikielewa kwa kuangalia mikono. Karibu wote walikuja na noti moja ya elfu tano. Siku za mwisho za Ramadhani mama ana nguo za watoto za kununua Kariakoo, ana viatu, ana nazi na mchele wa pilau, na kila kitu kinakuja na bei yenye mkia. Noti moja inayomaliza habari ya vichwa vitatu anaweza kuitenga mapema na kuifunga kwenye ncha ya khanga. Kama ningeandika "punguzo la elfu moja" naamini nusu yao wasingekuja, ijapokuwa hesabu ni ile ile.

Sasa nieleze hesabu yenyewe, kwa sababu kinyozi mwenzangu wa mtaa wa pili alipita akaniambia najiua mwenyewe kwa bei hiyo.

Kinyozi hauzi kunyoa, anauza dakika za kiti. Mtoto anayenyolewa namba moja kichwa kizima, bila wembe, bila kuchongwa, ananichukua dakika kama 8. Ukiweka na kusafisha mashine, kupangusa kiti na kumwita mwingine, ni dakika 10. Watatu ni nusu saa, na nusu saa imeleta 5,000. Kwa saa moja ni 10,000. Mkubwa wa kawaida analipa 3,000 na anakaa dakika 20, hivyo saa yake ni 9,000. Kijana wa fedi na kuchonga ndevu analipa 4,000, ila anakaa dakika 40 na zaidi, anajitazama kwenye kioo, anataka upande wa kushoto urudiwe. Saa yake ni 6,000. Yule niliyedhani ananiingizia zaidi kuliko wote ndiye anayekila kiti. Na zile saa za mchana nilizowapa watoto zilikuwa hazina mtu kabisa, kwa hiyo sikumnyang'anya mteja yeyote nafasi.

Hesabu hii ina mwanya mmoja, na nilikutana nao mapema. Mvulana wa miaka kumi na moja hivi aliketi akasema, "Anko, nipige fedi, juu uache." Nyuma yake wenzake wawili wakatikisa kichwa, nao wanataka hivyo hivyo. Fedi tatu kwa 5,000 ni zaidi ya saa moja na nusu. Nilisimama, nikachukua brashi, na chini ya boksi nikaongeza mstari: NAMBA MOJA AU MBILI TU. Nikamweleza yule kijana kwamba fedi ipo, kwa bei yake, baada ya futari. Alinuna, akakubali namba mbili. Mstari ule ndio uliolinda ofa nzima. Ofa ya kinyozi isiyotaja aina ya kunyoa ina shimo ambalo vijana watalipata kabla ya saa nne asubuhi.

Akina mama nao walikuwa na wasiwasi wao, na ulikuwa wa haki. "Nikimnyoa leo, Idi si atakuwa ameshaota?" Nywele za kichwa zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, yaani kwa wiki ni zaidi kidogo ya milimita 2. Kitana cha namba moja kinaacha milimita 3. Mtoto aliyenyolewa mwezi 24, Idi akiiswali baada ya siku sita au saba, atakuwa na milimita 5 hivi, na kichwa bado kiko sawa pande zote. Kinachowahi kuharibika ni ukingo uliochongwa kwa wembe kwenye paji la uso, kwa sababu pale ngozi ilikuwa wazi na kila kinywele kinachochomoza kinaonekana. Ndiyo maana watoto wa ofa sikuwachonga kabisa. Zaidi ya hapo, mtoto hatulii, na wembe kwenye kichwa kinachogeukageuka sipendi kuushika.

Kupanga foleni kulinipa shida kuliko kunyoa. Mwanzoni kila mtu alikumbuka kivyake nani alimtangulia. Nilikata vipande kutoka kwenye mabaki ya lile boksi, nikaandika namba, na kila kundi likapewa kipande kimoja, si kila mtoto. Kundi likiitwa wanaingia wote watatu, wanakaa kwenye benchi la ndani, na wengine wanabaki nje au wanarudi nyumbani. Mama mwenye namba ya mbali nilimwambia nenda kapike, uje baada ya adhuhuri. Hilo peke yake liliondoa nusu ya kelele. Kiti cha dogo nikakiacha kwa wakubwa, kwa sababu nina wazee wanaonyoa kila wiki bila kukosa, na mmoja wao alichungulia mlangoni akaona benchi limejaa watoto akageuka kuondoka. Nilimfuata nje. "Shikamoo mzee, kiti chako kipo, karibu ndani." Akarudi. Ofa inayomfukuza mtu anayekulisha mwaka mzima haina maana, hata ikijaza baraza.

Nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Vichwa vingi vya watoto, kimoja baada ya kingine, kwa mashine moja, ni njia nyepesi kabisa ya kusambaza mapunye. Mapunye ni fangasi. Inahama na vipande vya nywele na magamba yanayobaki kwenye meno ya mashine, kwenye kitana, kwenye shuka, hata kwenye kofia. Foleni inapokusukuma, kitu cha kwanza unachotamani kukiruka ni usafi, kwa sababu hakuna anayekuona ukikiruka. Madhara yake yanaonekana wiki mbili tatu baadaye, kwenye ua mzima, na wakati huo hakuna anayekumbuka ilianzia wapi.

Niliweka mashine mbili kwa ajili ya watoto na kuzizungusha. Ikimaliza kichwa, naipiga brashi mpaka hakuna nywele kati ya meno, kisha naloweka meno kwa spiriti ya asilimia 70 na kuiweka pembeni ikauke yenyewe. Wakati huo nashika ya pili. Kupangusa kwa pamba mara moja na kuendelea, jinsi wengi tunavyofanya, hakusaidii sana, kwa sababu spiriti inahitaji kukaa imelowa kwa muda ndipo ifanye kazi. Na lile sanduku la mwanga wa buluu, sterilaiza, linaua kile mwanga unachokifikia tu. Ukiingiza mashine yenye nywele ndani yake, chini ya nywele hakuna kilichotokea. Kuzungusha mashine mbili kulinisaidia pia kwenye joto. Meno yakisuguana mfululizo yanapata moto, na mtoto analia kabla hujajua kwa nini. Naigusisha kwenye mkono wangu kwa ndani, karibu na kifundo. Ikinichoma mimi, inapumzika. Ikibadilisha mlio na kuanza kuvuta nywele badala ya kukata, inataka matone mawili ya oili, mashine ikiwa inazunguka.

Kila mtoto nilimtazama kichwa kabla ya kuwasha mashine. Nilitenganisha nywele kwa vidole, nyuma ya masikio na utosini, nikitafuta duara lenye magamba ya kijivu na nywele zilizokatikia karibu na ngozi. Adhuhuri hivi akaja bibi na wajukuu watatu. Wa mwisho, mdogo wa miaka sita hivi, alikataa kuvua barakashia. Nilipiga magoti mbele yake, tukazungumza habari za bembea za Mwembe Yanga atakazopanda siku ya Idi, akavua mwenyewe. Utosini alikuwa na duara kubwa kuliko sarafu ya mia mbili, na jingine dogo likianza kando yake.

Sikusema neno pale. Watoto wa foleni wakisikia "mapunye" ndilo litakuwa jina lake mpaka akue. Nilimwita bibi nyuma ya pazia. "Shikamoo bibi. Huyu mdogo ana fangasi kichwani."

"Marahaba mwanangu. Tumempaka dawa ya mkebe, tumempaka kitunguu swaumu, linatulia kisha linarudi."

Linarudi kwa sababu fangasi hiyo iko ndani ya mzizi wa nywele, na dawa ya kupaka inabaki juu. Nilimweleza kwamba mtoto anahitaji vidonge vya kumeza, kwa wiki kadhaa, na vinatolewa baada ya kupimwa kwenye zahanati au kituo cha afya kwa sababu kipimo kinafuata uzito wake. Asiache katikati akiona nywele zinaota. Ndugu zake nao waangaliwe, na kila mtoto awe na kofia yake, taulo lake na kitana chake. Akaniuliza kile nilichokuwa nakiogopa: "Sasa Idi aende na nywele hivi, wenzake wamenyolewa?"

Ningeweza kukataa, na kinyozi anayekataa simlaumu. Nilimwambia amlete jioni, baada ya mtoto wa mwisho. Nilitumia mashine ya zamani ambayo haiguswi kwa kichwa kingine, nikamnyoa namba moja, si ziro, ili nisiikwaruze ngozi iliyo na kidonda. Nywele zikafagiliwa zikachomwa, shuka ikachemshwa, kiti na sakafu vikapigwa dawa. Fangasi ni kaidi, sikutaka kuitegemea spiriti peke yake. Alilipiwa ndani ya noti ile ile ya elfu tano pamoja na ndugu zake. Baada ya sikukuu bibi alipita akaniambia wameanza vidonge.

Siku zilizobaki za ofa zilikwenda kwa mtindo huo, na foleni ilipungua kidogo tu. Mwezi 27 jioni nilishusha boksi, na wapo waliokuja mwezi 28 wakaona nimewanyima. Kisa cha kuishia 27 ni hiki. Mwezi unatafutwa jioni ya siku ya 29, na baada ya magharibi watu wote wanasikiliza redio wajue kama umeandama. Ukiandama, kesho ni Idi. Usipoandama, tunatimiza 30. Lakini mtaani kwetu wapo pia wanaofuata mwezi ulioonekana nchi nyingine, na mara nyingi wao walianza kufunga siku moja kabla. Siku yao ya 29 ni 28 yetu. Kwa hiyo kinyozi wa Dar hana mkesha mmoja, anayo mikesha miwili au mitatu, na yote haijui kwa hakika mpaka jua lizame. Ofa ikifika 28 inaingia kwenye usiku ambao viti vitajaa vyenyewe kwa bei kamili.

Mwaka ule mwezi 29 haukuandama. Walioharakisha kuja usiku huo walinyolewa, na kesho yake usiku wakaja waliobaki. Watoto walikuwa wachache, wengi wao wamelala na vichwa vyao tayari. Nilikuwa na muda wa fedi, wa ndevu, wa mzee anayetaka taulo la moto, na nilifunga kabla ya saa sita, jambo ambalo mkesha wa Idi sikulizoea.

Wenzangu wawili wa jirani wameniuliza kama Idi ya kuchinja nitarudia vile vile. Kwa watoto ndiyo, bei ile ile na mstari ule ule wa namba moja au mbili. Kwa wakubwa haiwezekani kwa mpangilio huo. Mtu aliyenuia kuchinja, kwa mafundisho wanayoyafuata wengi wa wateja wangu, hanyoi nywele wala hakati kucha tangu mwezi wa mfungo tatu uandame mpaka mnyama wake achinjwe, na hiyo ni tarehe 10. Siku zile tisa atapita mbele ya saluni ananisalimia na ndevu zake, na boksi lolote nitakalolitundika halitamvuta. Kwao ofa inatakiwa itoke siku za mwisho za mfungo pili, kabla mwezi haujaandama, na kiti kingine kiachwe wazi mchana wa Idi yenyewe, kuanzia saa tano, watakapokuwa wametoka machinjioni.